Hiyo Kumi na Moja Ilitoka Wapi

Mimi nafundisha watu kuendesha gari. Mwanafunzi akigonga kitu, kwanza hulaumu vilivyoko nje: jua lilimpiga machoni, shimo halikuonekana, huo ukuta nani aliujenga karibu na barabara. Miaka yote hii sijampata aliyeshuka akasema, "Nimegonga." Kwa hiyo siku ile dada wa kaunta aliponigeuzia kioo cha kompyuta na kuniambia, "Riba ni hiyo mama, ndivyo mfumo ulivyokokotoa," nilijua papo hapo kwamba kuna mtu amegonga na ukuta unasingiziwa.

"Niliahidiwa asilimia kumi na moja," nikamwambia.

"Hapa inasoma saba."

"Inasoma vibaya."

Akaniangalia kwa huruma ile ya watu wa kaunta, ambayo haigharimu kitu, akaniomba nimpishe mteja anayefuata. Nikampisha, lakini nje sikutoka. Nilikwenda kukaa kwenye viti vya huduma kwa wateja, nikaweka mkoba mapajani, nikasubiri kama mtu aliyekuja kuposa.

Fedha yenyewe ilitokana na nyumba ya marehemu mama. Tuliiuza, tukagawana mimi na mdogo wangu, kila mmoja milioni tano. Tuko wawili tu. Yeye ni nesi wa wodi ya wazazi, na tangu ujana wake ana ndoto moja, kufungua duka lake la dawa. Alitaka kuanza hapo hapo na fedha yake mkononi. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia akae mwaka mmoja, fedha ilale benki, riba itamlipia leseni na rafu za duka bila kugusa milioni tano yake. Nilimwambia asilimia kumi na moja. Sikumwambia "nasikia" wala "labda". Nilimwambia kama dada anavyomwambia mdogo wake, naye akanikubalia kwa sababu hiyo hiyo.

Na mimi niliambiwa na Kioo. Kioo ni afisa wa amana pale benki, na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wangu. Mtihani wa udereva alifeli mara mbili kwa kosa lilelile: anawasha taa ya kuashiria, anakanyaga mafuta, anaingia barabarani, kisha ndipo anakumbuka kutazama kioo. Jina nilimpa mimi na likamganda. Kijana mwenyewe ana heshima na maneno matamu, na tai yake hailegei hata saa kumi jioni.

Kioo alinieleza vizuri. Ukutani pale benki pana bango la viwango: amana isiyofika milioni kumi hulipwa asilimia saba kwa mwaka, na kuanzia milioni kumi kwenda juu ni kumi na moja. "Mwalimu," akaniambia, "wewe una tano, dada mdogo ana tano. Mkiweka pamoja ni kumi. Mfungue akaunti ya pamoja, halafu tunaifunga amana moja kwa majina yenu mawili." Tukafungua akaunti. Kwa kuwa mdogo wangu hufanya kazi kwa zamu na hashikiki, tuliandika kwamba saini ya mmoja wetu yatosha.

Fedha yangu ilifika kwanza. Ya mdogo wangu ilikwama huko benki yake kwa siku mbili. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na Kioo hakutaka kusubiri. "Ya kwako isilale bure, mwalimu. Tufunge hii leo, ya dada mdogo ikija tunaiambatisha." Akachukua fomu, kwenye kisanduku cha riba akaandika 11 kwa kalamu yake mwenyewe, nikasaini, akanipa nakala. Ya pili ilipofika alinifuata na fomu hadi kwenye maegesho, maana nilikuwa na mwanafunzi ndani ya gari, injini inanguruma, mguu wake unatetemeka kwenye klachi. Nilisaini juu ya boneti. Kisanduku cha riba kilikuwa kitupu. "Ni ileile, mwalimu," akasema. Vyeti vya amana nilivifuatilia mara mbili tatu, nikaambiwa printa mbovu.

Haya yote nilimweleza dada wa huduma kwa wateja. Alikuwa mwelewa kuliko yule wa kaunta. Alifungua mfumo, akasoma kimya, kisha akaniambia jambo ambalo Kioo angepaswa kulijua hata akiwa usingizini.

"Mama, amana ya muda maalumu haiongezewi. Ikishafungwa, imefungwa mpaka siku yake. Hiyo milioni tano ya pili isingeweza kuambatishwa. Ilifunguliwa kama amana nyingine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwenye mfumo mna amana mbili za tano tano. Hakuna iliyofika kumi."

Kumbe tulifungiwa vyungu viwili, huku tumeahidiwa kimoja kikubwa. Nilimuuliza Kioo yuko wapi. Yuko mkutanoni. Nilisubiri mkutano uishe, na haukuisha mpaka mlinzi alipoanza kushusha milango.

Jioni nilikwenda kwa mdogo wangu na taarifa ya akaunti mkononi. Sikutaka alisikie hili kwa simu. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa wazi: kila amana imezaa laki tatu na nusu, kodi ya serikali ikakatwa asilimia kumi juu ya riba, zikabaki laki tatu na elfu kumi na tano. Kwa ahadi ya kumi na moja, baada ya kodi, kila mmoja alikuwa apate karibu laki tano. Mdogo wangu alisoma, akarudia kusoma. Alikuwa ametoka zamu, viatu vyeupe bado miguuni.

"Leseni nimeshaiomba," akasema. "Nikasema nitalipia na hii."

"Utalipia na hii. Sijamaliza nao."

Shemeji, mumewe, alikuwa ameketi kwenye kochi, simu mkononi, akijifanya hayumo. Shemeji yangu ana tabia ya kuongea akitazama pembeni, kana kwamba maneno yamemponyoka yenyewe.

"Huyo kijana wa benki si mwanafunzi wako, shemeji?"

"Alikuwa."

"Na mkewe si ulimfundisha mwaka huu? Na wale binamu zake?"

"Niliwafundisha. Walilipa kama wengine."

"Hapana, nauliza tu. Maana nasikia mabenki siku hizi huwapa asante wanaowaletea fedha."

Nilimgeukia mdogo wangu nikingoja aseme, "Baba, acha hizo." Hakusema. Alikunja karatasi mara mbili, akaiweka mezani chini ya rimoti. Nimetukanwa na madereva wa malori, nimeitwa majina ambayo siwezi kuyarudia, na hakuna lililowahi kuniuma kama kimya kile. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Ningeweza kuingiza mkono mfukoni nikampa kilichopungua, nami naijua mifuko yangu, ingewezekana kwa taabu. Lakini ningempa, shemeji angesema, umeona, amerudisha. Na benki ingebaki na fedha yetu, na mimi ningebaki mwizi aliyetubu. Nikaaga bila kumaliza chai.

Kesho yake niliandika malalamiko. Niliandika kwa mkono, kurasa mbili, nikaambatisha nakala ya fomu yenye 11, nikadai wagonge muhuri wa kupokea na kunipa namba ya malalamiko. Mwisho niliandika kwamba nisiporidhika na jibu nitaupeleka mkoba wangu na kila kilichomo Benki Kuu, kwenye dawati la malalamiko ya wateja. Yule dada aliposoma hapo alitabasamu kidogo, akagonga muhuri mara mbili.

Kioo alinipigia usiku wa siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, ungenifuata mimi tungeyamaliza."

"Nilikufuata. Ulikuwa mkutanoni."

"Hili likifika makao makuu mimi naumia."

"Nilikufundisha kutazama kioo kabla ya kuingia barabarani, hukutazama," nikamwambia. "Sasa lori limeshafika." Nilikata simu, na sitasema nilimwonea huruma, maana sikumwonea. Huruma ilikuja baadaye na haikuwa kubwa.

Siku chache zikapita, nikaitwa na meneja wa tawi. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe: saa tatu asubuhi, benki, akaunti ni yako pia, njoo usikie kwa masikio yako. Hakujibu. Nilifika nikiwa na gari la kazi lenye herufi L kubwa juu, nikaliegesha mahali pa wateja maalumu, mlinzi akaja, akaniona uso, akarudi.

Ofisi ya meneja ilikuwa na kapeti, kiyoyozi na ua la plastiki ambalo mtu alikuwa amelimwagilia maji. Meneja mwenyewe ni mama wa rika langu, ana sauti ya chini na mikono inayotulia. Kioo aliketi pembeni yake, tai imelegea. Mara ya kwanza kuiona hivyo. Tulikuwa ndiyo kwanza tumesalimiana mlango ukafunguliwa, akaingia mdogo wangu katika sare yake, macho mekundu ya zamu ya usiku. Alimwamkia meneja, akaniamkia na mimi, akaketi akiacha kiti kimoja kitupu kati yetu. Kile kiti nilikiona.

"Mama, tumepitia faili," meneja akaanza. "Kwanza samahani. Amana ya kwanza fomu yake imeandikwa kumi na moja, imesainiwa na afisa wetu. Mfumo uliingiziwa saba. Hilo ni kosa letu na tutalirekebisha. Tofauti itaingia kwenye akaunti, tukishakata kodi."

"Na ya pili?"

"Ya pili fomu haina kiwango kilichoandikwa. Kisipoandikwa, kinachotumika ni kile cha kwenye bango. Milioni tano ni asilimia saba. Hapo mikono yetu imefungwa."

Ya kwanza ilikuwa fedha yangu. Ya pili ilikuwa ya mdogo wangu. Nadhani meneja hakulijua hilo, na hata angelijua lisingemhusu, maana kwake zote ni za akaunti moja. Lakini mimi nilihesabu haraka: niondoke pale na kumi na moja yangu, mdogo wangu aondoke na saba yake, kisha nimweleze shemeji kwamba ilitokea tu. Jasho lilinitoka chini ya kiyoyozi kile. Sikuthubutu kumtazama aliyeketi upande wangu.

Meneja akasogeza karatasi. "Na kwa usumbufu, mkituachia hizi milioni kumi mwaka mwingine, safari hii kama amana moja, tutawapa kumi na mbili. Ni zaidi ya bango. Mnasaini hapa kwamba malalamiko yamekwisha, na hapa kwa amana mpya."

Ni mtu mzuri kwa kazi yake, nampa haki yake. Ilikuwa mwisho wa robo mwaka, tawi linahesabiwa amana zake, na milioni kumi zinazotoka mlangoni huacha pengo. Karatasi ilikuwa tayari, kalamu juu yake.

"Sisaini," nikasema.

"Mama, fikiria. Ya kwanza unalipwa yote."

"Nimeshafikiria. Kumi na mbili ya mwaka ujao ni ya mwaka ujao. Mimi nadai ya mwaka uliopita. Na sitalipwa nusu iliyo upande wangu nikanyamaza ya upande wa pili. Lipeni zote au msilipe hata moja, nami nitajua pa kwenda."

"Kisheria, hiyo ya pili hamna pa kuishikia."

"Basi mtaeleza hivyo hivyo Benki Kuu."

Meneja alishusha pumzi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, ingawa nilikuwa nimelitia saini mwenyewe mwaka mmoja nyuma. Aliivuta karatasi kutoka mbele yangu, akaisogeza taratibu mbele ya mdogo wangu.

"Akaunti yenu husainiwa na mmoja wenu," akasema kwa upole. "Dada, pengine wewe una haraka na fedha hii."

Alikuwa na haraka. Leseni ilikuwa inamngoja, nyumbani mumewe alikuwa anamngoja, na mimi nilikuwa nimekwisha kumweka mwaka mzima. Angesaini, malalamiko yangu yangekufa pale pale, na ingekuwa haki yake. Nilitaka kusema neno nikaona nikisema nitaonekana namzuia mara ya pili. Mdogo wangu akaishika kalamu.

Akaisoma karatasi yote, polepole, kama anavyosoma kadi ya mgonjwa. Kisha akainua macho, akamtazama Kioo, si meneja.

"Kaka, naomba kuuliza. Hii kumi na moja uliyoandika kwenye fomu ya kwanza, ilitoka wapi?"

"Ilitoka... ni kiwango chetu."

"Nimepita kwenye bango hapo nje. Milioni tano ni saba. Fomu ya kwanza ni ya milioni tano. Wewe ukaandika kumi na moja. Ulimpa dada yangu zawadi?"

Chumba kizima kilisikia swali lililokuwa ndani ya swali. Meneja alifungua mdomo, mdogo wangu akainua kiganja kidogo tu, kile kiganja cha nesi kinachonyamazisha wodi.

"Kama alipewa zawadi, niambie hapa, mbele yake. Kama hakupewa, niambie kumi na moja ilitoka wapi."

Kioo alinitazama. Sikumsaidia. Alikuwa kijana mwenye mke, mtoto na mkopo wa gari, na wakati ule alikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa nyepesi sana. Angesema alikosea kuandika, na mimi ningebaki na shemeji maisha yangu yote.

"Sikumpa kitu," akasema. "Wala yeye hakunipa. Kumi na moja niliandika kwa ajili ya zote mbili. Nilijua ya pili iko njiani. Nilitaka kufunga kabla mwezi haujaisha, hesabu zangu zilikuwa chini. Nikadhani nitaziunganisha baadaye." Akakohoa. "Ilipokuja ya pili mfumo ukakataa. Ningesema, ingebidi kuivunja ya kwanza na kuanza upya, na ningeulizwa kwa nini. Nikaiacha. Nimekosea mimi."

Miaka yangu yote ya kazi, huyo ndiye wa kwanza kushuka garini akasema amegonga. Nilishangaa kumbe na mimi nilikuwa ndani ya gari hilo.

Mdogo wangu akaiweka kalamu chini, akamgeukia meneja. "Kwa hiyo mkikubali kwamba ya kwanza ni kumi na moja, mmekubali kwamba ilikuwa milioni kumi. Huwezi kuilipa hiyo halafu ukasema hii ya pili huijui. Hatusaini."

"Hatusaini," nikasema na mimi, ingawa nilikuwa nimeshasema.

Meneja alizungusha pete kidoleni. Mwishowe akasema yeye hana mamlaka ya kulipa amana ya pili, lakini ataandika makao makuu kwamba afisa amekiri zilikuwa amana moja kwa makubaliano, na atapendekeza zote zilipwe kumi na moja. Nikamwomba aandike tukiwa tumekaa. Akaandika. Nikamwomba Kioo aweke maelezo yake kwa maandishi na saini yake. Akaweka. Tulisubiri nakala, na safari hii printa ilikuwa nzima.

Nje, mdogo wangu aliingia garini kiti cha mwanafunzi, maana ndicho kilichokuwa upande wake, kisha akakumbuka hajui kuendesha, akatoka akazunguka. Tulikaa kidogo bila kuwasha injini.

"Nilidhani amekupa kitu," akasema. "Si yeye baba watoto tu. Na mimi nilidhani."

"Najua. Iliniuma."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Leo bado." Nilimpeleka nyumbani akalale.

Makao makuu walijibu baada ya wiki mbili. Marekebisho yaliingia mara mbili kwenye akaunti siku moja, kiasi kilekile, kila kimoja kimekatwa kodi yake. Simu ya mdogo wangu ilipata ujumbe kama yangu. Leseni akailipia. Kioo hakufukuzwa, alihamishiwa tawi la mbali, na nasikia anasoma fomu mpaka wateja wanachoka. Shemeji alinipigia mwenyewe, akanipongeza kwa mapana na marefu, akaniuliza kama sijui benki nyingine yenye riba nzuri. Nikamwambia nikiijua nitamwambia mkewe.

Meneja alitupigia mara tatu kuhusu ile kumi na mbili. Tulihamisha kila senti.

Benki mpya iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mdogo wangu alikuja na viatu vyake vyeupe. Duka lake lilikuwa bado linapigwa rangi, na fedha ya dawa za kwanza ilikuwa imeshatengwa. Kilichobaki tulikuwa tunakiweka kwa miezi sita. Afisa, binti mwenye miwani, alijaza fomu yote, kisanduku cha riba kikiwa cha kwanza, kisha akauliza akaunti ya pamoja itasainiwaje, mmoja wetu au wote.

Mdogo wangu hakusita. "Mmoja wetu," akasema. "Dada atasaini. Anachofanya yeye nimekikubali." Akanisogezea kalamu, akanitazama usoni, na nilijua anachonipa ni kile kitu alichoninyima siku ile ya kochi. Nilikitaka. Nilikitaka kuliko riba yoyote.

"Wote wawili," nikamwambia afisa.

"Dada..."

"Wote wawili. Siku ile nilipobeba mzigo huu peke yangu niliona uzito wake. Utakuja ukitoka zamu, hata kama umechoka. Utasoma, ndipo usaini."

Kisha akakivuta kiti chake kikagusana na changu, akaichukua fomu, akaanza kuisoma kutoka juu.